Barua Itakayosomwa Kikaoni

Mara ya kwanza hashiki kalamu. Anaivuta karatasi, anaweka miwani sawa, anasoma barua yote kimyakimya hadi mwisho, kisha anaifunika mezani na kuniuliza, "Haya mwanangu, huyu anataka nini?"

Namjibu kwamba anataka pesa zake.

"Pesa ni moja. Mengine?"

Nanyoosha mkono niisome tena. Anaikandamiza karatasi kwa kiganja. "Wewe umeisoma sasa hivi na hukumbuki. Mwenyekiti ataisoma huku anaitwa nje kupima kahawa. Yeye atakumbuka nini?"

Basi nakaa nakumbuka. Mwandishi anataka alipwe. Anataka alipwe kwa tarehe fulani. Anataka apigiwe simu Jumatatu. Na kuna la nne, ambalo amelisema kwa kutisha: pesa zisipofika, vipuri vingine haviji. Mama anayaandika manne hayo pembeni mwa karatasi kwa penseli, kila moja kwa neno moja au mawili. "Haya ndiyo mifupa," anasema. "Nyama tutabadilisha. Mfupa hata mmoja usipotee."

Ni mhazili mstaafu. Alisoma Chuo cha Uhazili Tabora enzi za taipureta, akafanya kazi ya kuandika na kunyoosha barua za wakubwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Siku hizi yuko nyumbani kwake Magomeni, Dar es Salaam, na kazi yake imegeuka kidogo: ananyoosha barua pepe za wageni wanaofanya biashara na sisi kwa Kiswahili. Nimekaa naye asubuhi kadhaa nikitazama tu, kama mtu anavyoweza kukaa kibarazani kwa seremala akatazama randa inavyokwenda na kurudi.

Barua ya leo imetoka Hamburg. Mwandishi ni mama wa Kijerumani anayeuza vipuri vya mashine za kumenya kahawa mbivu, na mteja wake ni chama cha ushirika cha wakulima wilayani Mbozi, mkoani Songwe. Kiswahili alikisoma chuo kikuu kwao, na alikisoma vizuri. Angeweza kuandika Kiingereza, lakini aligundua mapema kwamba barua ya Kiingereza ikifika kule hutafutwa mtu wa kuitafsiri, na tafsiri hiyo hajui imesema nini. Akaamua aseme mwenyewe. Rasimu yake ni hii:

> YAH: Malipo yamechelewa
>
> Habari Bwana Mwenyekiti,
>
> Natumaini barua pepe hii inakupata vizuri. Wewe bado hujalipa ankara yetu ya tarehe 4 Machi. Sisi tulisubiri zaidi ya mwezi mmoja. Nataka ulipe yuro 1,860 mpaka tarehe 30 Mei. Kama hulipi, hatuwezi kutuma vipuri vingine. Tafadhali nipigie simu Jumatatu saa 10 asubuhi. Asante mapema kwa ushirikiano wako.
>
> Kwa salamu za kirafiki

Mtu akiitazama haraka hataona kosa. Ngeli zimekaa sawa, vitenzi vimekaa sawa, hata "YAH" ya barua za ofisini ameiweka mahali pake. Mama anasema hapo ndipo hatari ilipo. Mgeni anayesema "kitabu yangu" husamehewa papo hapo, maana kila mtu anasikia kwamba huyu anajifunza. Lakini mgeni mwenye sarufi safi hana kinga hiyo. Akisema "wewe hujalipa", msomaji hamwoni mgeni aliyekosea namna ya kusema. Anamwona mtu mwenye maneno makali aliyekusudia kila neno. Kosa la ngeli huhesabiwa kwenye ulimi. Kosa la adabu huhesabiwa kwenye tabia.

Ndiyo maana makosa ya sarufi, yakiwapo, huyarekebisha mwisho kabisa. Anaanza na swali jingine: barua hii itasomwa na nani, na wapi? Jibu la swali hilo huamua karibu kila kitu kinachofuata. Barua imeandikiwa mwenyekiti, lakini mwenyekiti wa ushirika hatoi pesa peke yake. Ataipeleka kwenye kikao cha bodi. Huko katibu ataisoma kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya mhazini na wajumbe. Sasa ifikirie sentensi "wewe bado hujalipa" ikisomwa kwa sauti mbele ya watu saba, mwenyekiti ameketi pale mbele na mhazini ubavuni mwake. Kitakachojadiliwa siku hiyo si ankara tena. Kitajadiliwa ni nani aliyesababisha chama kitukanwe. Na barua iliyomwaibisha mtu kikaoni ina njia zake za kupotea kwenye faili.

Anashika kalamu sasa, usomaji wa pili, na anaanza na sentensi hiyo hiyo.

Kwanza anakata "wewe". Kijerumani kwa kawaida hakisemi sentensi bila kutaja nafsi kwa neno lake, kwa hiyo Mjerumani huona kawaida kuandika "wewe", "sisi", "mimi" kila mahali. Katika Kiswahili nafsi imeshakaa ndani ya kitenzi. "Hujalipa" inatosha kabisa. Ukiongeza "wewe" mbele yake unakuwa umemnyooshea mtu kidole: wewe, si mwingine. Herufi nne tu, lakini zikisomwa kikaoni kila mtu anageuza shingo.

Kisha anabadilisha umoja kuwa wingi: "hamjalipa". Deni ni la chama, si la mwenyekiti. Wingi unaugawa mzigo, na pia ndiyo heshima ya kuiandikia ofisi. Lakini hajaridhika. Anaisoma kwa sauti, "hamjalipa", anatikisa kichwa. Bado inawatuhumu, sasa wote kwa pamoja. Hatua ya tatu ndiyo inayonifurahisha zaidi kuitazama, kwa sababu anamwondoa mtu kwenye sentensi kabisa na kukiweka kitu: "malipo bado hayajatufikia".

Nilimuuliza kama hiyo si kuzungukazunguka tu. Aliniambia niitazame vizuri. "Hujalipa" inadai kujua alichofanya mtu aliye mbali. Mwandishi yuko Hamburg; anajuaje kilichotendeka Mbozi? Anachokijua kwa hakika ni kile kisichokuwepo kwenye akaunti yake. "Hayajatufikia" inasema hicho tu, wala haiongezi. Kwa hiyo ni ya adabu zaidi, na pia ni ya kweli zaidi. "Adabu ikikupeleka kwenye uongo, hiyo umeikosea," alisema. "Rudi uanze upya."

Kutoka hapo alichomoa sentensi ambayo haikuwamo kabisa kwenye rasimu: "Ikiwa yamekwisha kutumwa, tunaomba mtutumie nakala ya hati ya benki ili tuyafuatilie huku kwetu." Pesa za kwenda Ulaya hupitia benki zaidi ya moja, na zinaweza kukaa njiani siku kadhaa. Sentensi hii inamfungulia msomaji mlango. Kama kalipa, ana la kujibu bila kugombana. Kama hajalipa, ana nafasi ya kulipa bila kwanza kukiri kosa. Lakini kwa kuwa ni sentensi mpya, mhazili hakuiacha hivi hivi. Aliizungushia duara na kumwandikia mwandishi: *Nimeongeza hii. Je, mko tayari kufuatilia benki kwenu?* Kazi yake inamruhusu kubadili sauti ya mtu. Haimruhusu kuahidi kwa niaba yake.

Anakuja kwenye "nataka". Hapa wageni wengi wanajua kwamba pana tatizo, na wanalitibu kwa "tafadhali": tafadhali lipa, tafadhali tuma, tafadhali nipigie. Lakini "tafadhali" iliyowekwa mbele ya amri huiacha amri ikiwa amri, ila imevaa kanzu. Dawa yake ni "tunaomba" pamoja na kitenzi kinachoishia kwa -e: tunaomba mtutumie, tunaomba yatufikie. Wageni huikimbia "omba" kwa sababu kamusi zao huwaambia ni neno la ombaomba, na mfanyabiashara gani anataka kuomba pesa iliyo yake? Hawajaona kwamba sisi huomba kila kitu. Mteja mwenye noti mkononi huingia hotelini akasema "naomba chai", na hakuna anayemdhania fukara. Kuomba kwa Kiswahili hakukushushi. Kunamwachia mwenzako heshima ya kuwa ametoa.

Kwenye mstari huo huo pana neno dogo ambalo ningelipita bila kuliona: "mpaka". "Nataka ulipe mpaka tarehe 30 Mei." Kijerumani kina neno moja linalobeba mambo mawili, lile la kuendelea hadi siku fulani na lile la kumaliza kabla siku hiyo haijapita. Kiswahili huyatenganisha. "Lipa mpaka tarehe 30" kwa sikio letu ni kama kusema endelea kulipa, leo na kesho na keshokutwa, hadi tarehe 30 ndipo uache. Mtu atakisia maana, ndiyo, lakini barua ya deni si mahali pa kukisiana. Mhazili aliandika "kabla ya tarehe 30 Mei", akasita, akaifuta. "Kabla ya tarehe 30" inaiacha nje tarehe 30 yenyewe, na mwandishi alikusudia iwemo. Akaandika "si zaidi ya tarehe 30 Mei". Alichukua karibu dakika tano kwa maneno hayo machache, na sikuona kwamba alipoteza hata moja.

Halafu kitisho: "Kama hulipi, hatuwezi kutuma vipuri vingine." Nilidhani atakiondoa. Hakukiondoa, maana ni mmoja wa mifupa minne. Mwandishi hana nia ya kutuma mali nyingine kabla hajalipwa, na wateja wana haki ya kulijua hilo. Alichofanya ni kuigeuza sentensi kama mtu anavyogeuza shati lililovaliwa nyuma mbele: "Vipuri mlivyoagiza kwa ajili ya msimu huu viko tayari, na vitasafirishwa mara malipo hayo yatakapotufikia." Sharti ni lile lile. Bila malipo hakuna vipuri. Lakini ile ya kwanza inaanza na kosa na kuishia na mlango uliofungwa. Hii inaanza na sanduku lililokwisha kufungwa, linasubiri. Na kwa kuwa kule Mbozi mavuno yako karibu kuanza, kila mjumbe anayesikia maneno "msimu huu" anajua mwenyewe kwamba mashine isiyo na vipuri ni kahawa inayochachuka kwenye magunia. Hakuna haja ya kumtisha mtu kwa jambo analolijua kuliko wewe.

Hapo pia aliweka alama na kuuliza: *Je, ni kweli viko tayari?* Jibu lilirudi jioni ile kutoka Hamburg: ndiyo, viko tayari ghalani. Kama jibu lingekuwa siyo, sentensi ile nzuri ingekufa, na sijawahi kumwona akiilia sentensi.

Saa ilimchukua muda kuliko vyote. "Saa 10 asubuhi." Kwa Mjerumani, saa kumi asubuhi ni jambo la wazi. Kwetu siku huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, kwa hiyo saa ambayo yeye anaiita kumi, sisi ni saa nne. Msomaji wa Mbozi akiona "saa 10 asubuhi" atababaika: je, ni saa kumi alfajiri, watu wamelala? Au alikusudia saa kumi jioni akakosea? Wageni waliosoma vizuri huijua kanuni ya kuongeza au kutoa sita, lakini wakiandika haraka mkono hurudi kwao.

Pana tundu la pili chini ya hilo. Saa kumi ya wapi? Mwezi Mei, Ujerumani wanafuata saa za kiangazi, na Tanzania iko mbele yao kwa saa moja. Zikirudishwa saa za kawaida mwishoni mwa Oktoba, pengo linakuwa saa mbili. Kwa hiyo kama alikusudia saa zake, ni saa tano asubuhi huku; kama alikusudia saa zetu, ni saa nne. Mhazili hakukisia. Aliuliza, akajibiwa kwamba ni saa za Hamburg, ndipo akaandika: "Jumatatu tarehe 19 Mei, saa 5 asubuhi kwa saa za Tanzania (11:00)". Ameweka siku, tarehe, saa kwa Kiswahili na tarakimu za saa ya ukutani pembeni, vitu vinne vinavyoshikana mikono ili kimoja kikiteleza vingine vikizuie. Na kwa kuwa anayedai ndiye anayetaka mazungumzo, aliigeuza pia simu: si mwenyekiti apige Ulaya kwa gharama ya chama, bali mwandishi apige. Hilo nalo aliliuliza kwanza.

Yaliyobaki ni mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.

"Natumaini barua pepe hii inakupata vizuri" ni sentensi ya Kiingereza iliyovaa kikoi. Wazee wetu nao walitumaini mambo katika barua zao, lakini walitumaini kuhusu mtu: natumaini u mzima, natumaini hujambo na jamaa zako. Mtu ndiye huwa vizuri. Barua haina afya. Mpangilio wa salamu kwanza na haja baadaye, ule ambao sisi tuliosoma shule za msingi tunaujua kwa maneno "baada ya salamu", ni wa zamani sana pwani hii, tangu barua za wafanyabiashara zilipokuwa zikiandikwa kwa herufi za Kiarabu. Na Wajerumani wenyewe waliwahi kuusoma kwa bidii. Mjini Berlin Kiswahili kilianza kufundishwa kwenye chuo cha lugha za Mashariki kilichofunguliwa mwaka 1887, na mwalimu wake, Carl Büttner, alichapisha mwaka 1892 mkusanyo wa maandiko ya Kiswahili ya herufi za Kiarabu, barua zikiwamo, ili wanafunzi wazoee namna watu wa pwani walivyoandikiana. Kwa hiyo mama wa Hamburg hakuwa anaanza safari mpya. Alikuwa ameipita tu njia iliyoota majani.

Mhazili hakumrudisha huko kote. Alimpa mstari mmoja: "Habari za huko, na poleni na maandalizi ya msimu." Mwandishi aliogopa neno "poleni". Alifundishwa kwamba pole ni ya msiba au ya mtu aliyejikwaa, na tena akahofia isije ikasikika kama yeye ndiye anayeomba radhi. Alielezwa kwamba "samahani" huomba radhi, lakini "pole" huona mzigo ulio kichwani mwa mwenzako. Anayesema poleni na msimu ameonyesha kwamba anajua Mei ni mwezi gani kule Mbozi. Mstari huo mmoja unafanya kazi ambayo aya nzima ya heshima za jumla isingefanya.

Pana maneno mengine ya kufungulia ambayo ofisi zetu huyapenda, yale ya kumtaka mtu ahusike na mada tajwa hapo juu. Nilitegemea atayaweka. Alisema kwa idara ya serikali angeyaweka, kwa sababu huko barua isiyo nayo huonekana imekuja uchi. Kwa ushirika wa wakulima hayana kazi, na kwa mgeni yanafanana na koti la kuazima. "Bwana" alilibadilisha kuwa "Ndugu", ambalo Tanzania bara linakaa vizuri kwa mwenyekiti wa chama. Kama barua ingekwenda Nairobi angeliacha "Bwana". Na kichwa "Malipo yamechelewa", kilichokuwa hukumu kabla ya kesi, kikawa jina la kitu: salio la ankara, tarehe yake na kiasi chake.

"Asante mapema" ilinifanya nicheke, yeye hakucheka. Alisema wazo hilo lina kwao katika Kiswahili, ila mwandishi hajui linaitwaje. Sisi husema "tunatanguliza shukrani". Ni nafuu kubwa kwa mnyooshaji akikuta jambo la mgeni lina chumba chake tayari. Analisindikiza tu hadi mlangoni. Lakini "kwa salamu za kirafiki", ambayo kwao ni tamati ya kawaida kabisa ya kila barua ya ofisi, kwetu haina chumba. Urafiki ni dai zito, na kulitaja chini ya barua ya deni ni kujichanganya.

Usomaji wa tatu ni wa sauti. Anasimama, anashika karatasi kama katibu kikaoni, anasoma bila kupunga mikono wala kutia madoido. Penye kukwama anaweka nukta. Hii ndiyo barua iliyotoka:

> YAH: SALIO LA ANKARA YA TAREHE 4 MACHI, YURO 1,860
>
> Ndugu Mwenyekiti,
>
> Habari za huko, na poleni na maandalizi ya msimu.
>
> Tunarejea ankara yetu ya tarehe 4 Machi, ya yuro 1,860. Hadi leo, tarehe 12 Mei, malipo hayo bado hayajatufikia. Ikiwa yamekwisha kutumwa, tunaomba mtutumie nakala ya hati ya benki ili tuyafuatilie huku kwetu. Ikiwa bado, tunaomba yatufikie si zaidi ya tarehe 30 Mei.
>
> Vipuri mlivyoagiza kwa ajili ya msimu huu viko tayari, na vitasafirishwa mara malipo hayo yatakapotufikia.
>
> Ningependa kuwapigia simu Jumatatu tarehe 19 Mei, saa 5 asubuhi kwa saa za Tanzania (11:00). Kama muda huo hauwafai, tunaomba mtujulishe muda mwingine.
>
> Tunatanguliza shukrani.
>
> Salamu kutoka Hamburg,

Baada ya hapo alifanya jambo linalofanana na kuhesabu chenji. Alirudi kwenye ile mifupa minne ya penseli, akaweka alama ya vema kwa kila mmoja. Kisha akapitisha kidole kwenye tarakimu, rasimu mkono wa kushoto na barua mkono wa kulia: 1,860 na 1,860, tarehe 4 na tarehe 4, tarehe 30 na tarehe 30. Anasema maneno yakilainishwa tarakimu nazo hutaka kuteleza, na mnyooshaji aliyebadilisha tarakimu moja amefanya madhara kuliko aliyeacha ukali wote.

Nilimwonyesha sehemu mbili ambazo kwa maoni yangu zingeweza kupendezeshwa zaidi. Ningeweka methali kuhusu deni, tunazo nyingi. Ningeongeza "msiwe na wasiwasi" kwenye ile aya ya benki. Alinikatalia zote. Methali angeitumia yeye, mzaliwa. Ikitoka Hamburg kwa mtu anayedai, itasikika kama mtoto anayemshauri babu. Tena mama yule Jumatatu atakuwa kwenye simu, na Kiswahili chake cha mdomoni ni kifupi na cha wazi. Barua ikiwa na mapambo asiyoweza kuyavaa akizungumza, watu watajua haikuwa yake, na watajiuliza ni nini kingine si chake. Sentensi zake fupi zibaki fupi. Na "msiwe na wasiwasi" ni upole unaokula ahadi: umempa mtu tarehe 30, kisha umemwambia asijali. Atakusikia la pili.

Ndiyo maana pia hakuweka "Wenu mtiifu" pale chini, wala tamati nyingine ya ofisini. "Salamu kutoka Hamburg" si kanuni ya uhazili. Nilipomuuliza, alisema mwandishi alitaka kumaliza kwa salamu, basi amalizie kwa salamu. Na jina la mji linamkumbusha msomaji kwamba anayesema naye ni mgeni aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe hadi kwenye lugha yetu. Kuna kiasi cha ugeni ambacho hakipaswi kufutwa.

Barua ilikwenda siku hiyo hiyo. Jibu lilifika siku ya tatu, na mwandishi akalituma Magomeni ili mama alione. Lilikuwa fupi, limeandikwa na katibu. Limeambatishwa na nakala ya hati ya benki, imegongwa muhuri wa tarehe 9 Mei. Pesa zilikuwa zimekwisha kutumwa siku tatu kabla ya barua, ziko njiani baina ya benki na benki.

Mama aliitazama ile tarehe, kisha akaitafuta rasimu ya kwanza kwenye rundo, akaweka kidole chini ya maneno "wewe bado hujalipa". Hakusema kitu. Alivua miwani, akaikunja, akaniuliza kama nitakunywa chai.